Herufi za neno MWANZA zikipangwa kikamusi, neno lenyewe linakuwa la ngapi?

Mtahiniwa wa Nyakato

Habari zenu wanajamvi. Ninajiandaa kwa usaili wa maandishi, na katika karatasi ya mazoezi tunayoitumia kwenye kikundi chetu hapa Nyakato kuna swali ambalo limetugawa. Linasema hivi: herufi zote za neno MWANZA zinapangwa kwa kila namna inayowezekana, bila kujali kama kinachopatikana kina maana au hakina, kisha maneno yote hayo yanaorodheshwa kama yanavyoorodheshwa katika kamusi. Je, neno MWANZA litakuwa la ngapi katika orodha hiyo? Majibu ya kuchagua ni 120, 158, 160 na 316.

Mmoja wetu anashikilia 316, wawili wanasema 158, na karatasi yenyewe haina majibu nyuma. Ninaomba mnieleze njia, wala si jibu peke yake, kwa sababu siku ya usaili neno litakuwa jingine.

Kirumba Mwaloni

Mkuu, swali hili halina ugumu mkubwa ukianza upande wa kushoto. Chukua herufi ya kwanza, M, kisha uhesabu ni herufi ngapi ulizonazo zinazotangulia M katika alfabeti. Ni A mbili. Kila moja ikikaa mbele, herufi tano zilizobaki zinapangika kwa namna 120, kwa hiyo hapo una 240. Nenda kwenye W: zinazoitangulia kati ya zilizobaki ni A, A na N, yaani tatu, na kila moja inaacha herufi nne zenye namna 24, kwa hiyo 72. A iliyo nafasi ya tatu haitanguliwi na kitu. N inatanguliwa na A moja, unapata 2, na Z inatanguliwa na A hiyo hiyo, unapata 1. Jumla ni 315.

Huyo mwenzenu wa 316 ameishia hapo na kuongeza moja, lakini amesahau kwamba A ziko mbili na zinafanana, kwa hiyo kila neno limehesabiwa mara mbili. Ni lazima ugawanye kwa mbili. 315 ukigawanya kwa mbili ni 157.5, na jibu lililo karibu katika orodha yenu ni 158. Chagua hilo.

Binti Ukerewe

Nimefurahi kuona mada ya kamusi, kwa sababu nami nina shida kama hiyo. Ninakusanya maneno ya uvuvi kutoka kwa wazee wa huku kwetu kisiwani ili yawekwe kwenye kijitabu cha shule, na nimeyaandika kwenye kompyuta ili iyapange yenyewe. Imeniwekea kuvua, kuparua na kutega pamoja chini ya K, nyavu imekwenda N, mitumbwi na mtumbwi zimetengana, na maneno yenye ng' yametawanyika, mengine juu kabisa ya maneno ya ng na mengine mwisho wake. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: neno kama nyavu lina nafasi gani hasa katika kamusi?

Kuhusu neno Mwanza, nadhani kamusi za kawaida haziweki majina ya miji, kwa hiyo sielewi mnalitafuta wapi.

Mwalimu Bugarika

Ndugu Mtahiniwa, jibu ni 160, na ninaomba uniruhusu nilieleze polepole kwa sababu njia ya ndugu yetu wa Kirumba ni nzuri mpaka mahali fulani, kisha inapotoka.

Panga kwanza herufi zako kwa mfuatano wa alfabeti: A, A, M, N, W, Z. Jiulize ni maneno gani yanayokaa kwenye orodha kabla ya kufika kwenye maneno yanayoanza na M. Ni yale yanayoanza na A peke yake. Ingawa A ziko mbili, ukurasa wa A katika kamusi ni mmoja. Ukiiweka A mbele, mkononi zinabaki A, M, N, W na Z, ambazo zote ni tofauti, na herufi tano tofauti hupangika kwa namna 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120. Kwa hiyo maneno 120 yanatangulia kabla hata hatujaifikia M.

Sasa M imekaa, na mkononi kuna A, A, N, W, Z. Neno letu linaendelea na W, kwa hiyo yanayolitangulia ni yale yanayoanza na MA na yale yanayoanza na MN. Hayo mawili hayalingani, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Yanayoanza na MA yanabakiza A, N, W, Z, zote tofauti, kwa hiyo ni 24. Yanayoanza na MN yanabakiza A, A, W, Z, na kwa kuwa kubadilishana nafasi kwa A hizo mbili hakuleti neno jipya, 24 inakuwa 12. Tumefika 120 na 24 na 12, yaani 156.

Baada ya MW inakuja A, ambayo haitanguliwi na chochote. Mkononi zimebaki A, N, Z, na neno letu linachukua N. Kabla yake kuna yale yanayoanza na MWAA, nayo ni mawili tu, MWAANZ na MWAAZN. Kisha baada ya MWAN tunachukua Z, na kabla yake kuna MWANAZ. Ukiyaandika kwa mfuatano unaona mwenyewe: MWAANZ ni la 157, MWAAZN la 158, MWANAZ la 159, na MWANZA la 160. Anayechagua 158 amechagua MWAAZN.

Jumla ya maneno yote ni 720 ukigawanya kwa 2, yaani 360. Jibu lolote linalozidi hapo linajikana lenyewe, lakini angalieni kwamba 316 haizidi, na ndiyo sababu mtunzi ameliweka kama mtego.

Dada wa Ukerewe, swali lako ni jingine kabisa na hili la kwetu, lakini halistahili kupita bila kujibiwa. Katika kamusi za Kiswahili kitenzi huingizwa bila ku-, kwa hiyo vua utaitafuta chini ya V, parua chini ya P na tega chini ya T. Nomino huingizwa kwa umoja wake: mtumbwi, na mitumbwi inatajwa hapo hapo kama wingi. Nyavu ni wingi wa wavu, kwa hiyo mahali pake ni W. Kompyuta haiwezi kuyajua hayo, ni lazima uyasahihishe kwanza kwa mkono, uandike safu moja ya umbo la kamusi na nyingine ya umbo ulilolisikia kwa wazee, kisha uipange kwa kufuata safu ya kwanza.

Kirumba Mwaloni

Mwalimu, nimekufuata na nimeyaona hayo maneno manne ya mwisho, hayana ubishi. Lakini bado ninataka kujua kwa nini kugawanya kwa mbili hakufanyi kazi. Kama kila neno lina A mbili, kila neno limehesabiwa mara mbili. Au siyo?

Mwalimu Bugarika

Ni kweli kwa orodha nzima, lakini hesabu yako haihesabu orodha nzima. Inahesabu makundi, na kila kundi linapoanza kuhesabiwa lina herufi zake mkononi. Kugawanya kunafuata kilichobaki mkononi wakati huo, hakufuati neno lilivyoanza.

Tazama namba zako mwenyewe: 240, 72, 2 na 1. Ulipokuwa kwenye M na kwenye W, A zote mbili zilikuwa bado mkononi, kwa hiyo 240 na 72 zimehesabiwa mara mbili na ni halali kuzigawanya, ukapata 120 na 36. Hiyo 36 ndiyo 24 na 12 nilizozitenganisha mimi, kwa hiyo njia yako ya mkato inakubali. Lakini ulipofika kwenye N, A moja ilikuwa imeshakaa nafasi ya tatu na mkononi ilibaki moja peke yake. Hizo 2 na 1 hazijawahi kuhesabiwa mara mbili. Ziache zilivyo: 120, 36, 2 na 1 ni 159, ongeza moja kwa ajili ya neno lenyewe, ndipo unapata 160.

Ile nusu iliyojitokeza katika 157.5 ilikuwa dalili tosha, kwa sababu hakuna nusu ya neno. Ila usitegemee dalili hiyo kila mara. Chukua MAZNAW. Kwa njia yako unapata 240, kisha A haina kitu, kisha Z inatanguliwa na tatu, yaani 18, kisha N inakupa 2, jumla 260. Ukigawanya yote kwa mbili ni 130, na neno linakuwa la 131, bila nusu yoyote ya kukushtua. Kumbe A ya kwanza ilikaa nafasi ya pili, kwa hiyo ni 240 tu inayogawanywa: 120, 18 na 2 ni 140, na MAZNAW ni la 141.

Msomaji wa Nyegezi

Ninaunga mkono maelezo ya Mwalimu. Kwa anayetaka kuhakiki akiwa nyumbani, Python inaweza kuyaandika maneno yote na kuyapanga:

```
from itertools import permutations
orodha = sorted(set(permutations("MWANZA")))
print(len(orodha), orodha.index(tuple("MWANZA")) + 1)
```

Inajibu 360 na 160. Neno `set` hapo ndilo linaloondoa marudio. Ukilitoa, orodha inakuwa na maneno 720, kila moja likiwa limeandikwa mara mbili, na MWANZA inajitokeza kwa mara ya kwanza katika nafasi ya 319. Si 316. Hiyo inaonyesha kwamba hata kabla ya kugawanya, hesabu ya 315 haikuwa ikihesabu orodha yenye marudio wala isiyo na marudio. Tahadhari moja: msitumie njia hii kwa maneno marefu, kwa maana herufi kumi tofauti zina mipangilio 3,628,800.

Dada wa Ukerewe, kutawanyika kwa maneno yako ya ng' kunatokana na alama yenyewe. Ziko alama mbili zinazofanana machoni: iliyonyooka, ambayo kibodi ya kompyuta huitoa, na iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Mahali ambapo mashine inapanga kwa namba za herufi, iliyonyooka huja kabla ya A na iliyopinda huja baada ya Z:

```
sorted(["ngano", "ng'ombe", "nguo", "ng’ombe"])
```

Ng'ombe wa kwanza anatangulia ngano, na wa pili anakwenda mwisho baada ya nguo, ingawa ni neno moja. Badilisha alama zote ziwe za aina moja kwanza, kisha uamue wewe kama unataka maneno ya ng' yachanganyike na ya ng au yakae peke yake. Programu nyingine za majedwali huipuuza alama hiyo kabisa zinapopanga, kwa hiyo usishangae ukiona matokeo mengine kwenye mashine ya mwenzako.

Binti Ukerewe

Ahsanteni sana. Nimeangalia na ni kweli, maneno niliyoyaandika kwa simu ndiyo yaliyokwenda mwisho. Wavu nitauweka W, ingawa wazee karibu wote wanasema nyavu hata wakimaanisha mmoja, na ninaona vibaya kuwaondolea neno lao. Labda nitaliacha nyavu chini ya N na kuandika "tazama wavu".

Mtahiniwa wa Nyakato

Mwalimu, nimeelewa na ninashukuru. Karatasi yetu ina swali la kinyume pia: kati ya maneno hayo hayo 360, lipi ni la 200?

Mwalimu Bugarika

Hapo unarudi nyuma kwa njia ile ile. Yaliyolitangulia neno la 200 ni 199, na hiyo 199 ndiyo utakayoipunguza. Kundi la A lina 120, ukiliondoa zinabaki 79. Kundi la M linabakiza mkononi A, A, N, W, Z, kwa hiyo lina 60 na si 120. Liondoe, zinabaki 19. Kundi la N nalo lina 60, na 19 haiwezi kulimaliza, kwa hiyo neno letu linaanza na N.

Mkononi sasa kuna A, A, M, W, Z. Kundi la NA lina 24, na 19 haiwezi kulimaliza, kwa hiyo herufi ya pili ni A. Zinabaki A, M, W, Z, zote tofauti, kila moja ikiwa na kundi la 6. Katika 19 unaondoa makundi matatu, ya A, ya M na ya W, yaani 18, na inabaki 1. Herufi ya tatu ni Z. Zinabaki A, M, W, kila moja ikiwa na kundi la 2, na 1 haimalizi hata kundi la A, kwa hiyo ya nne ni A. Zimebaki M na W. Kwa kuwa bado tuna 1 ya kuondoa, M inarukwa na tunachukua W, kisha M. Neno ni NAZAWM. Lihesabu kwenda mbele, utapata 120, 60, 18 na 1, yaani 199 yaliyolitangulia.

Makosa ya kawaida hapa ni kuanza na 200 badala ya 199. Ukifanya hivyo utaangukia NAZMAW, ambalo ni la 201.

Mtahiniwa wa Nyakato

Kuna aina ya tatu ambayo inatusumbua zaidi. Inauliza: katika neno MWANZA kuna jozi ngapi za herufi ambazo katikati yake ndani ya neno kuna herufi nyingi sawasawa na zilizopo katikati yake katika alfabeti? Nimepata jozi moja, W na Z. Ndani ya neno katikati yake kuna A na N, na katika alfabeti kuna X na Y. Mwenzangu anasema hakuna hata moja, kwa kuwa alfabeti ya Kiswahili haina X.

Kirumba Mwaloni

Huyo mwenzako yuko sahihi. Neno ni la Kiswahili, swali limeandikwa kwa Kiswahili, na sisi hatuna Q wala X. Kati ya W na Z kuna Y peke yake. Jibu ni sifuri.

Mwalimu Bugarika

Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini maswali ya aina hii kwa kawaida hutungwa kwa kufuata alfabeti ya Kiingereza yenye herufi 26, na mengi yamehamishiwa Kiswahili kwa kubadilisha neno pekee. Mtunzi aliyechagua MWANZA huenda alikuwa akiitafuta hiyo jozi ya W na Z. Kama maelekezo yanaitaja alfabeti, fuata yaliyoandikwa. Kama hayaitaji, mimi ningejibu moja, ingawa siwezi kumlaumu anayejibu sifuri.

Msomaji wa Nyegezi

Kwa swali la nafasi kikamusi, kukosekana kwa Q na X hakubadilishi kitu, kwa sababu linaangalia ni ipi inayotangulia nyingine, haliangalii umbali kati yake. MWANZA ni la 160 kwa alfabeti zote mbili. Kinachoweza kubadilisha ni CH. Chukua KICHWA: ukizihesabu C na H kama herufi mbili, lina mipangilio 720 na nafasi yake ni ya 562. Ukiichukua CH kama herufi moja, kama wengi tulivyofundishwa darasa la kwanza, mipangilio ni 120 na nafasi ni ya 88. Sijawahi kuona karatasi inayosema ipi inatakiwa, na ninadhani mtunzi wa swali la Kiswahili anapaswa kulisema hilo waziwazi au aepuke maneno ya namna hiyo.

Kirumba Mwaloni

Kwa hiyo mnakubali kwamba CH inaweza kuwa herufi moja, lakini X isiyokuwepo mnataka ihesabiwe. Mimi bado niko kwenye sifuri.

Mtahiniwa wa Nyakato

Hilo la jozi nitaliuliza kwa msimamizi kabla ya mtihani kuanza. Nimejaribu neno KAMANGA, lenye A tatu, ili nione kama nimeshika la kugawanya. K inatanguliwa na A tatu na G, yaani nne, mara 720, ukigawanya kwa 6 kwa kuwa A zote tatu ziko mkononi: 480. A iliyo nafasi ya pili haina kitu. M inatanguliwa na A mbili na G, yaani tatu, mara 24, ukigawanya kwa 2 kwa kuwa A zimebaki mbili: 36. A inayofuata haina kitu. N inatanguliwa na A na G, mbili mara 2, bila kugawanya: 4. G inatanguliwa na A: 1. Jumla 521, kwa hiyo KAMANGA ni la 522 kati ya 840.

Mwalimu Bugarika

Ni sahihi yote. Linalokaa mara moja kabla yake, la 521, ni KAMANAG.